Dawati la Nyuma Linasikia Nini?

Mwalimu aliyesimama ubaoni ndiye mtu asiyefaa kabisa kuulizwa kama darasa lake lina kelele. Sauti yake inatoka kinywani, sentimita chache tu kutoka masikioni mwake, kwa hiyo kwake kila neno ni wazi. Tena ni mtu mzima. Silabi moja ikimezwa na vurugu, akili yake inaijazia bila hata kutambua, kwa sababu anaijua lugha na analijua somo. Mtoto wa darasa la pili aliyeketi dawati la nyuma hana uwezo huo. Neno lililomezwa kwake limekwisha, na wakati anajaribu kulikisia, mawili yanayofuata yanampita.

Ndiyo maana ni jambo jema kwamba simu za mkononi sasa zinaweza kupima sauti. Programu za kazi hiyo ni nyingi na baadhi ni za bure. Wenye iPhone wanaweza kutumia ile iitwayo NIOSH SLM, iliyotolewa na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi. Wenye simu za Android wana NoiseCapture, iliyotengenezwa na watafiti wa Ufaransa. Shida ni kwamba walimu wengi wakishaipakua hufanya jambo moja: huinua simu juu katikati ya vurugu, husoma namba kubwa iliyojitokeza, labda 78, hushtuka, na mambo huishia hapo. Namba hiyo peke yake haisemi chochote kuhusu kujifunza. Simu ina jambo la maana zaidi la kusema, ila lazima iulizwe vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Zikipanda 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Zikipanda 10, nguvu imekuwa mara kumi, ingawa sikio huona kama sauti imekuwa kubwa mara mbili tu. Madarasa mawili yenye kelele ya 60 kila moja yakiunganishwa hayatoi 120, yanatoa 63. Kwa hiyo tofauti ya desibeli tano au sita, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, darasani ni jambo kubwa.

Pili, namba inayorukaruka kwenye skrini siyo ya kuandikwa. Tafuta ile iliyoandikwa LAeq au Leq. Huo ni wastani wa nguvu ya sauti kwa muda wote uliopima, na herufi A inaonyesha kwamba kipimo kimerekebishwa kufuata namna sikio la binadamu linavyosikia. Wastani huu nao una tabia yake. Tuseme umepima dakika kumi: tisa zilikuwa na 50, na moja ilikuwa na 80 kwa sababu madawati yaliburutwa. Ungetegemea wastani wa 53. Simu itakuonyesha 70, na haijakosea, kwa sababu dakika ile moja ilibeba karibu nguvu yote. Ukitaka kujua hali ya kawaida ya darasa, pima vipande vifupi vya dakika tano, na kipande kilichoingiliwa na dawati lililoanguka au kengele ya shule kifute, upime upya.

Sasa swali lenyewe. Kinachoamua kama mtoto anasikia ni pengo kati ya sauti ya mwalimu inayofika kwenye dawati lake na kelele nyingine zinazofika hapo hapo. Wataalamu wa sauti za madarasa wamekuwa wakitumia pengo la desibeli 15 kama lengo kwa watoto. Mtu mzima anaweza kufuata mazungumzo kwa pengo dogo zaidi ya hilo, lakini uwezo wa kuchambua maneno ndani ya kelele huendelea kukomaa hadi miaka ya ujana. Anayefundishwa kwa lugha ambayo bado anaisoma anahitaji pengo pana zaidi. Kwa Tanzania huyo ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na sasa anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Mtoto mwenye usikivu hafifu anahitaji zaidi ya hapo, na wengi wa namna hiyo wamo madarasani bila mtu kujua.

Ili kulipata pengo hilo unahitaji kupima zaidi ya mara moja, na simu ikae mahali pamoja: juu ya dawati la mwisho, kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi (vitabu vichache chini yake vinatosha), maikrofoni ikielekea mbele, kava limevuliwa, na hakuna anayeigusa. Tuchukue mfano wa darasa la kawaida la shule ya msingi: kuta za tofali, sakafu ya saruji, paa la bati lisilo na dari, wanafunzi hamsini. Namba nitakazozitaja ni za mfano, lakini zimepangwa ziwe karibu na hali halisi.

Kipimo cha kwanza, watoto wako wanasoma kimya na darasa la jirani linaendelea na somo lake: 54. Kipimo cha pili, mwalimu anafundisha kwa sauti yake ya kila siku huku watoto wametulia: 60. Hapo mtu angesema pengo ni 6. Lakini kipimo cha pili kina sauti ya mwalimu pamoja na zile kelele za 54 ndani yake, kwa hiyo lazima zitolewe. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka. Vipimo viwili vikitofautiana kwa 10 au zaidi, usipunguze kitu. Vikitofautiana kwa 6, punguza kama 1 kwenye kipimo kikubwa. Vikitofautiana kwa 3, punguza 3, maana yake sauti ya mwalimu na kelele zimelingana. Kwa darasa letu, sauti halisi ya mwalimu kwenye dawati la nyuma ni kama 59, na pengo ni 5. Mtoto yule anahitaji 15.

Baada ya hapo unauliza kelele zinatoka wapi. Watoe watoto wako nje, wakae mbali na madirisha, darasa la jirani liendelee: tuseme 53. Halafu siku nyingine, jirani wakiwa uwanjani kwa michezo, watoto wako wasome kimya: 46. Hapo umejua mengi. Watoto wako, ambao kila siku wanafokewa wanyamaze, wanachangia kidogo sana. Karibu kelele yote inatoka upande wa pili wa ukuta.

Je, simu ya bei ya kawaida inaweza kuaminika kwa kazi hii? Hapa nina jibu la ndiyo, kwa masharti. Simu mbili zilizowekwa sambamba zinaweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa, hasa za Android, kwa kuwa kila kampuni hutumia maikrofoni yake na kuirekebisha kwa namna yake. Ukitaka kusema kwa uhakika kwamba darasa lako lina 54 na siyo 50, unahitaji kifaa kilichosawazishwa, na simu yako ilinganishwe nacho; maofisa wanaokagua usalama mahali pa kazi huwa nacho. Lakini sisi tunatafuta pengo. Simu ikiwa inazidisha 4 kila mara, itazidisha 4 kwenye sauti ya mwalimu na 4 kwenye kelele, na ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta lenyewe. Sharti ni simu ile ile, mahali pale pale, programu ile ile.

Kuna kosa moja tu lisilojifuta. Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo nyingi hupunguza zenyewe sauti iliyozidi, hupandisha iliyo hafifu, na hujaribu kuondoa kelele za nyuma. Programu nzuri huzima mambo hayo, lakini si kwenye kila simu. Simu yenye tabia hiyo italipunguza pengo hata mahali lilipo. Kuigundua ni kazi ya dakika chache. Nenda katikati ya uwanja wa mpira mchana usio na upepo, weka redio kati ya stesheni mbili ili itoe ule mkwaruzo usiobadilika, pima ukiwa mita 1 kutoka kwenye redio, kisha mita 2. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua karibu desibeli 6. Simu ikionyesha 5 au 6, iko sawa. Ikionyesha 2, au namba ikishuka taratibu yenyewe huku mkwaruzo haujabadilika, tafuta simu nyingine. Upepo ukipuliza kwenye maikrofoni nao huleta namba kubwa za uongo, na hivyo hivyo feni iliyo juu ya dawati.

Upande wa chini simu ina mpaka wake pia. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kelele uliotaka madarasa yasizidi 35 kwa kelele za nyuma wakati wa masomo. Maikrofoni ya simu ina mvumo wake wa ndani, na kwenye simu nyingi mvumo huo uko karibu na namba hiyo hiyo. Kwa hiyo simu haifai kuthibitisha kwamba darasa limetimiza mwongozo. Kwa shule zetu nyingi, zilizo mbali sana juu ya 35, jambo hilo halizuii kazi.

Turudi kwenye ukuta. Shule nyingi za Afrika Mashariki zimejengwa kwa safu: madarasa matatu au manne chini ya paa moja refu. Kuta za kuyatenganisha zinapanda hadi usawa wa kenchi na kuishia hapo. Gebo, yaani ile pembetatu ya juu inayopaswa kufika kwenye bati, imejengwa mwishoni mwa jengo tu, huku na huku. Katikati imeachwa wazi ili kuokoa tofali na kuruhusu hewa. Ukiwa ndani huoni tatizo, kwa sababu ukuta upo, ni mnene, na watoto hawaonani.

Fanya hesabu yake. Ukuta wa upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 18. Pembetatu iliyo wazi juu yake, yenye kimo cha mita 1 na sentimita 20, ni mita za mraba 3.6. Jumla ni 21.6, na sehemu ya sita ya eneo hilo haina kitu. Hata tofali zile zingekuwa na unene wa mita nzima, sauti haihangaiki nazo, inapita juu. Kizuizi chote kilichobaki ni kama desibeli 8. Gebo likizibwa, zikabaki nyufa ndogondogo chini ya bati zinazofika sehemu moja tu ya mia ya eneo lote, kizuizi kinapanda hadi 20. Kelele ya jirani iliyokuwa 53 inashuka hadi kama 41. Ukiijumlisha na ile 46 ya watoto wako unapata 47, na pengo linatoka 5 hadi 12. Bado halijafika 15, lakini ni darasa jingine kabisa.

Nyufa lazima zishughulikiwe. Fundi akijenga gebo na kuacha uwazi wa kiganja kwenye mawimbi yote ya bati, sehemu kubwa ya kazi yake inapotea. Hewa itafutwe kwa njia nyingine, yaani madirisha yanayotazamana kwenye kuta ndefu mbili. Na anayepanga kujenga shule mpya alifanye gebo kuwa sehemu ya ukuta tangu kwenye ramani. Tofali mia chache wakati wa ujenzi ni nafuu kuliko kupandisha fundi baadaye.

Je, kuna ushahidi kwamba kelele zikishuka namna hii alama za watoto zinapanda? Mfano ninaouamini zaidi ni wa zamani, na unatoka mbali. Kaskazini mwa Manhattan, jijini New York, kuna shule ya msingi namba 98, ambayo miaka ya 1970 upande wake mmoja ulielekea reli ya juu ya treni za mjini. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft alipata habari zake kutoka kwa mwanafunzi wake wa chuo, ambaye mtoto wake alisoma pale. Treni ilipita karibu kila baada ya dakika nne na nusu, ikachukua kama nusu dakika, na ndani ya darasa sauti ilipanda hadi 89. Mwalimu alinyamaza, akasubiri, akaanza tena. Watoto wa upande wa pili wa jengo walikuwa na walimu wa shule ile ile na maisha ya mtaa ule ule, ila hawakuwa na treni. Mwaka 1975 Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichapisha matokeo: katika kusoma, watoto wa darasa la sita wa upande wa reli walikuwa nyuma ya wenzao kwa karibu mwaka mzima.

Yaliyofuata ndiyo yanayoupa mfano huu uzito. Mamlaka ya usafiri iliweka mipira chini ya reli, na bodi ya elimu ikafunga dari za kunyonya sauti madarasani. Bronzaft aliporudi kupima na kuchapisha mwaka 1981, pande mbili za jengo zilikuwa zinasoma sawasawa. Hakuna mtaala uliobadilishwa ili kupata matokeo hayo.

Ukipiga hesabu, nusu dakika ndani ya kila dakika nne na nusu ni sehemu moja ya tisa ya muda wa somo. Mwaka mzima wa kusoma ni hasara kubwa kuliko hiyo, na hapo ndipo panapoonyesha kwamba kelele zina njia ya pili ya kudhuru. Ya kwanza ni kufunika: neno la mwalimu halifiki. Ya pili ni kuingia akilini wakati mtoto hasikilizi mtu yeyote, anafanya tu kazi yake.

Wanasaikolojia walianza kuichunguza njia hii ya pili kwa makini tangu mwaka 1976, Colle na Welsh walipowapa watu kazi ya kukumbuka mfululizo kwa mpangilio wake huku nyuma kukisomwa maandishi ya Kijerumani. Wasikilizaji hawakujua Kijerumani na waliambiwa wasijali. Walikosea zaidi kuliko waliofanya kazi ile ile kimya. Majaribio mengi ya baadaye yameonyesha kwamba maneno ya watu wengine huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata yakiwa ya sauti ya chini, na kwamba kinachovuruga ni kubadilikabadilika kwa sauti kuliko ukubwa wake. Mvumo usiobadilika hauvurugi kwa kiasi hicho.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la tatu anayejumlisha 47 na 38. Saba na nane ni kumi na tano, aandike tano, ashike moja kichwani. Wakati ameishika ile moja, juu ya ukuta unapita umoja wa sauti hamsini: mbili mara tatu sita, mbili mara nne nane. Simu itaonyesha 53 tu, namba isiyomtisha mtu, na feni mbovu ingeonyesha 53 hiyo hiyo bila kumwangusha mtoto yule. Kwa hiyo ukipima, pembeni ya kila namba andika ni kelele ya nini: maneno, gari, mashine, mvua. Bila maelezo hayo namba mbili zinazolingana zitakudanganya. Gebo likiwa bado wazi, walimu wawili wanaopakana wanaweza kukubaliana ratiba ili kuitikia kwa pamoja kwa mmoja kusigongane na jaribio la mwingine. Makubaliano hayo hayahitaji bajeti, na katika shule nilizotembelea sijaona mengi.

Kupaza sauti ndiyo dawa inayotumika zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu hupandisha sauti mwenyewe kelele zinapozidi, bila kukusudia. Vipimo vya baadaye vinaonyesha kwamba kwa kila desibeli ya kelele, msemaji hupanda karibu nusu tu. Kelele zikipanda 10, mwalimu anapanda 5, na pengo limepungua 5 hata kama koo linauma. Jirani naye anamsikia huyu, anapandisha yake. Walimu wanaokauka sauti ifikapo Alhamisi wamefanya kazi hiyo kwa miili yao.

Mvua inabaki kuwa kesi ya peke yake. Matone makubwa kwenye bati tupu hupandisha kelele za darasa hadi 70 na kuendelea, kila mahali kwa pamoja, na gebo halina msaada. Pima ukiwa dawati la nyuma: kipimo cha mwalimu anaposema na anaponyamaza kitatoka namba ile ile, na hiyo ndiyo dalili kwamba sauti yake haifiki hata kidogo. Dari ya mbao au ya jipsamu hupunguza, tena hupunguza mwangwi siku za jua, lakini kwa shule isiyo nayo, mvua ikianza, kueleza somo jipya ni kupoteza kipindi. Hata hivyo mvua ni mvumo usiobadilika, hauna maneno ndani yake, tena unafunika yale ya darasa la jirani. Inamzuia mtoto kusikia, lakini haimzuii sana kufikiri. Kazi ya kuandika iliyokwisha kuwekwa ubaoni kabla ya matone ya kwanza, mahesabu au ufahamu, inaweza kuendelea hadi mvua itakapokatika.